Dakika Moja Mbele ya Nyayo za Laetoli

Nyayo za Laetoli zina umri wa miaka milioni 3.66, na mgeni anayefunga safari hadi eneo la Ngorongoro kwa ajili yake hazioni. Zimefukiwa. Wataalamu wa kikosi cha Mary Leakey walizifukua mwaka 1978 na 1979, wakazipima, wakazipiga picha, wakatengeneza nakala zake, kisha wakazifunika tena ili jua, mvua na kwato za ng'ombe visizimalize. Anachokiona mgeni ni nakala iliyopo kwenye makumbusho ya Bonde la Olduvai, kilomita kama 45 kutoka Laetoli kwenyewe: kipande cha ardhi ya kijivu chenye mashimo yaliyofuatana.

Nakala peke yake haijielezi. Mtu ambaye hajaambiwa kitu anaweza kuitazama, akaona mashimo tu, akapita. Ndiyo sababu makumbusho mengi siku hizi huweka runinga kando ya vitu vya aina hii, yenye video inayojirudia kutwa nzima bila mtu kuigusa. Watengenezaji wengi huanza kwa kufikiria kamera, michoro ya kompyuta na sauti nzuri ya msimulizi. Kinachoamua kama video itafaa au haitafaa huandikwa kabla ya hayo yote, kwenye karatasi za muswada, na muswada huo una sharti moja gumu: msomaji wake anafika wakati wowote na huenda akasimama dakika moja tu.

Makala haya yanachukua nyayo za Laetoli kama zoezi. Mwandishi amepewa kazi ya kuandika maneno ya video ya kuwekwa kando ya nakala kama ile. Aanzie wapi?

Jibu la haraka ni kuanzia mwanzo, na hadithi ya Laetoli ina mwanzo mtamu sana. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa Laetoli walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, alipojaribu kukwepa alianguka, na pale alipoangukia akaona ardhi ngumu yenye alama za nyayo za wanyama. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea kama sisi. Msimulizi mzuri angeanza na kisa hicho cha Hill, akaingia kwenye ufukuaji, akaeleza volkano na majivu, akafikia maana ya nyayo kwa historia ya binadamu, akamalizia na juhudi za kuzihifadhi. Hiyo ni filamu ya dakika 8, na kwenye ukumbi wenye viti ingependeza.

Sasa iweke filamu hiyo kwenye runinga ya ukutani ijirudie. Mgeni anatokea mlangoni bila kujua video imefika wapi. Akikaa dakika moja, ataona kisa cha Hill kikianza endapo tu amefika ndani ya dakika ya mwisho kabla filamu haijarudi mwanzo. Dakika moja kati ya 8, yaani katika kila wageni 8 mmoja ndiye atakayeuona mwanzo. Saba waliobaki wataangukia katikati: msimulizi anasema "kikosi hicho kilirudi tena mwaka uliofuata", na mgeni hajui ni kikosi gani, kilirudi wapi, wala kilikuwa kikitafuta nini. Anatazama sekunde kadhaa akisubiri kuelewa, halafu anaondoka. Hakuna aliyekosea hapo isipokuwa muswada.

Tabia hiyo ya wageni inajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Robinson alichapisha utafiti kuhusu mwenendo wa watu ndani ya makumbusho, akiwa amewafuatilia wageni na saa mkononi. Mwaka 2001 Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha vipimo vyao kutoka Makumbusho ya Metropolitan, New York: mtu wa kawaida alisimama mbele ya mchoro mmoja wa sanaa kwa sekunde 17, na wastani, ukijumlisha waliokaa muda mrefu, ulikuwa sekunde 27. Hiyo ilikuwa michoro mashuhuri. Beverly Serrell naye alikusanya takwimu za maonyesho 110 na kuzichapisha mwaka 1998, akaonyesha kwamba wageni wengi humaliza onyesho zima chini ya dakika 20, liwe kubwa au dogo. Mtu mwenye dakika 20 kwa ukumbi mzima hawezi kutoa 8 kwa runinga moja. Dakika moja aliyoitoa ni ukarimu, na mwandishi anapaswa kuipokea hivyo.

Watu wengi wanaopewa kazi hii hufikiri dawa ni kuifupisha filamu iwe ya dakika moja. Inaonekana sahihi: mgeni ana dakika moja, filamu ina dakika moja, wamelingana. Lakini aliyefika sekunde ya 30 ataona nusu ya pili kwanza, halafu nusu ya kwanza. Kama maneno yamefungwa kwa mfuatano, atapata mwisho wa hadithi asioujua mwanzo wake, kisha mwanzo ambao mwisho wake ameshausikia bila kuuelewa. Kufupisha hakukugusa kilichoharibika. Kilichoharibika ni mfuatano wenyewe.

Dawa yenyewe ni hesabu ndogo ambayo mtu anaweza kuifanya kwa vidole. Gawa video katika vipande vinavyojitegemea, kila kimoja kikiwa na urefu wa nusu ya muda wa mgeni. Mgeni wa dakika moja anahitaji vipande vya sekunde 30. Akifika wakati wowote, atakuwa amedondokea ndani ya kipande fulani. Kipande hicho kitaisha ndani ya sekunde 30 hata iweje, na kitakachofuata atakiona chote kabla dakika yake haijakwisha. Vipande vikiwa vya sekunde 45, ahadi hiyo inavunjika, kwa sababu aliyefika kipande kimeanza tu atasubiri karibu sekunde 45 na kubaki na 15 zisizotosha kumaliza kinachofuata. Nusu ya muda wa mgeni ndiyo kipimo, na hakuna haja ya kukisia.

Kwa hiyo video ya Laetoli haitakuwa na mwanzo, kati na mwisho. Itakuwa na vipande vinne vya sekunde 30, jumla dakika 2, na kila kipande kitabeba jambo moja ambalo mgeni akiondoka nalo peke yake hatakuwa ameondoka mikono mitupu. Kuyachagua mambo manne kati ya mengi yanayojulikana ni kazi inayouma. Kisa cha Hill na mavi ya tembo, kwa mfano, kinaachwa. Ni kitamu, lakini anayekisikia peke yake atakuwa amejua jinsi alama za wanyama zilivyogunduliwa bila kujua nyayo anazozitazama ni za nani. Kinaweza kuandikwa kwenye bango la ukutani, ambalo mtu husoma kwa mwendo wake.

Mambo manne yaliyobaki ni haya: nani aliyepita, kwa nini nyayo hazikufutika, nani mwingine alipita hapo, na ziko wapi leo.

Kabla ya kuandika neno lolote kuna kipimo kingine. Msimulizi wa Kiswahili anayesoma kwa utulivu, sauti ikisikika vizuri ndani ya ukumbi wenye mwangwi, huenda maneno kama 100 kwa dakika. Kiswahili hukusanya mengi ndani ya neno moja, na neno kama "walizikanyaga" lina silabi sita. Ukichukua kipimo cha maneno 150 kwa dakika kinachotumika kwa Kiingereza, msimulizi ataishia kukimbia. Katika sekunde 30, weka sekunde 2 za ukimya mwanzoni na 3 mwishoni ili vipande visigongane. Zimebaki sekunde 25, yaani maneno kama 40. Ni machache kuliko maneno ya aya hii.

Kipande cha kwanza kinaweza kuandikwa hivi:

"Nyayo hizi ni za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Zamadamu walizikanyaga zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyolowa. Zamadamu hao walitembea wima kwa miguu miwili. Tazama kidole gumba kilivyonyooka mbele, sawa na cha mguu wako."

Hayo ni maneno 41. Yanaonekana mepesi, lakini kila sentensi imepitia uamuzi. Kwanza, umri. Takwimu kamili ni milioni 3.66, na mtaalamu atataka isomwe hivyo. Ikitamkwa inakuwa "milioni tatu nukta sita sita", na sikio la mtu aliyesimama ukumbini na mtoto mkononi haliwezi kuishika. Kwa hiyo msimulizi anasema "zaidi ya milioni tatu na nusu", na tarakimu 3.66 inaandikwa kwenye picha, ambako jicho linaweza kurudi na kuisoma mara mbili. Hakuna kilichopotoshwa, na wote wawili wamepata haki yao.

Pili, neno "zamadamu" limetajwa mara mbili katika sentensi zinazofuatana. Mwalimu wa insha angelikata. Katika kazi hii linabaki, na sababu yake inatokana na Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu hubeba mtenda na mtendwa ndani yake, na mtu aliyesikia tangu mwanzo huelewa bila shida. Aliyefika katikati husikia "ziligunduliwa zikiwa zimefunikwa", na hiyo "zi" inaweza kuwa nyayo, nyumba, nguo au silaha. Muswada wa video inayojirudia hutaja jina la kitu katika kila sentensi au, kwa uchache, baada ya kila sentensi moja. Maneno kama "hao", "hapo", "baadaye" na "kama tulivyoona" yanakaguliwa moja moja. "Hao" limeruhusiwa kwa sababu limeshikamana na zamadamu. "Kama tulivyoona" haliruhusiwi kamwe, kwa kuwa mgeni hajaona.

Tatu, sentensi ya mwisho inamwambia mgeni atazame kitu fulani kwenye nakala iliyo mbele yake. Video iliyo kando ya kitu halisi isiposema "tazama hapa" humgeuza mtu akatazama runinga na kuupa mgongo ule ushahidi wenyewe. Kidole gumba ni chaguo zuri: kwa sokwe kimetanuka pembeni ili ashike tawi, kwa nyayo za Laetoli kimesogea sambamba na vingine. Mgeni anaweza kulihakiki jambo hilo mwenyewe kwa macho, na akivua kiatu atalihakiki zaidi.

Kipande cha pili kinaeleza namna nyayo zilivyosalimika:

"Mvua ndiyo iliyohifadhi nyayo za Laetoli. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, zamadamu wakapita juu yake. Majivu yakakauka yakawa magumu, kisha majivu mapya yakafunika. Tazama vishimo hivi vidogo kando ya unyayo: ni alama za matone ya mvua ile."

Maneno 37. Tofauti na cha kwanza, hapa kuna mfuatano: majivu, mvua, miguu, ukavu, majivu mengine. Mfuatano haujakatazwa ilimradi uanze na kuisha ndani ya sekunde 30 zile zile. Na sentensi ya kwanza imewekwa makusudi iwe ya kushangaza kidogo, kwa sababu watu hutarajia mvua ifute nyayo. Anayesikia sentensi hiyo moja tu tayari ana swali kichwani, na swali humbakiza mtu mahali kuliko jibu. Alama za matone ya mvua ni kitu halisi kilichohifadhiwa kwenye tabaka lile la majivu, na kuzionyesha kwa karibu kwenye picha kunatosha; msimulizi hana haja ya kuzisifu.

Kipande cha tatu ni cha wanyama. Majivu yale yale yamebeba alama za tembo, twiga, sungura, kanga na farasi wa kale wa vidole vitatu aitwaye hiparioni. Hapa mwandishi hupata kishawishi cha kuwataja wote na wengine zaidi. Ni afadhali achague wawili, mkubwa na mdogo, tembo na kanga, ili picha iweze kukaa juu ya kila alama kwa sekunde za kutosha. Jicho la mtu aliyetoka kutazama kitu kingine linahitaji muda wa kuzoea kabla halijaanza kuona.

Kipande cha nne kinatakiwa kisemwe wazi kabisa: "Nyayo halisi za Laetoli hazimo humu." Wageni wengi huchukulia kwamba kilicho mbele yao ndicho chenyewe, na makumbusho inayowaacha na dhana hiyo inawadanganya kimyakimya. Baada ya sentensi hiyo kinafuata kisa cha miti. Udongo uliotumika kuzifukia nyayo mwaka 1979 ulikuwa na mbegu za migunga. Zikaota, mizizi ikaanza kuelekea chini, na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani walilazimika kufukua sehemu, kuondoa mizizi kwa uangalifu na kuzifukia upya kwa tabaka za mchanga, udongo na vitambaa maalumu. Hadithi hiyo inastahili nusu saa. Ina maneno 40. Kinachobaki ni mizizi na kufukiwa upya. Tarehe zote zinahamia kwenye bango.

Vipande vyote vinne vikishaandikwa, unakuja mtihani ambao wengi huuruka. Andika kila kipande kwenye karatasi yake, changanya karatasi, kisha msomee mtu asiyejua lolote kuhusu Laetoli, kwa mpangilio wowote zilivyotokea. Akiuliza "nani hao?" au "hapo ni wapi?", kipande hicho bado kinamtegemea mwenzake. Mtihani wa pili hufanyika video ikiwa bado ni ya majaribio: ianzishe mahali popote, mwonyeshe mtu sekunde 60 kwa saa, zima, halafu muulize swali moja, "Hiyo video inahusu nini?" Akijibu "nyayo za watu wa zamani sana", muswada umefanya kazi. Akijibu "sijui, nimekuta katikati", rudi mezani. Jibu hilo la pili ndilo lenye thamani zaidi, kwa kuwa ukumbini mgeni hakwambii, anaondoka tu.

Kuna mambo mawili ya kawaida kwenye filamu ambayo hapa huleta hasara. La kwanza ni kichwa cha filamu kinachotokea mwanzoni pamoja na nembo za wafadhili. Sekunde 15 za nembo ni robo ya dakika ya mgeni, na aliyefika wakati huo anaweza kuondoka bila kuona unyayo hata mmoja. La pili ni majina ya watengenezaji mwishoni. Watu wamezoea tangu sinema na runinga za nyumbani kwamba majina yakianza kupanda, shughuli imekwisha. Huinuka na kwenda, hata kama kipande kingine kizuri kinaanza sekunde chache baadaye. Nembo na majina vyote viwekwe kwenye bango la ukutani, ambako vitaonekana kwa muda mrefu zaidi kuliko ambavyo vingeonekana kwenye video. Mahali pa kichwa cha filamu huwekwa mstari mdogo usiotoka juu ya picha: "Nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita". Kila anayefika anajua yuko wapi kabla msimulizi hajafungua kinywa.

Wazo la picha inayojirudia bila mwanzo ni la zamani kuliko sinema yenyewe. Mwaka 1894 jijini New York lilifunguliwa duka la mashine za Edison ziitwazo kinetoskopu. Mtu aliinama juu ya sanduku na kutazama kupitia tundu. Ndani, utepe wa filamu wa kama mita 15 ulizungushwa kwenye vigurudumu huku ncha zake zimeunganishwa, na onyesho lote lilichukua chini ya nusu dakika. Waliotengeneza filamu hizo walilazimika kuchagua tendo linaloeleweka papo hapo: mtu akipiga chafya, wahunzi wakigonga chuma. Upande wa pili kabisa ni kazi ya msanii Christian Marclay ya mwaka 2010, The Clock, ambayo hujirudia kila baada ya saa 24. Ameunganisha maelfu ya vipande vya filamu vinavyoonyesha saa, na muda unaoonekana kwenye picha ni muda halisi wa ukumbini. Ukiingia saa nane na dakika kumi mchana, kwenye picha nako ni saa nane na dakika kumi. Ni ndefu mno, lakini mgeni wa dakika moja huielewa, kwa sababu kila dakika yake imebeba wazo zima.

Suala la lugha huharibu video nyingi za makumbusho zetu. Olduvai hupokea wanafunzi wa Tanzania na watalii wa kigeni siku hiyo hiyo, na suluhisho linaloonekana rahisi ni mzunguko mmoja wa Kiswahili, unaofuata wa Kiingereza. Kwa mgeni wa dakika moja hilo ni kosa lile lile la mfuatano likirudi kwa mlango wa nyuma: mwanafunzi akifika kwenye zamu ya Kiingereza, dakika yake imekwenda. Lugha zote mbili ziwepo wakati wote, sauti kwa moja na maandishi kwa zote, mistari isiyozidi miwili kwa kila lugha. Mstari wa herufi 40 ni mrefu wa kutosha, na mistari miwili iachwe kwenye kioo kwa sekunde 6 hivi. Maandishi hayo ni lazima hata kama spika ni nzuri, kwa kuwa kundi la wanafunzi 30 likiingia hakuna msimulizi atakayesikika, na kuna wageni wasiosikia kabisa.

Kuna pia mtu ambaye muswada mara nyingi humsahau: mhudumu wa ukumbi. Video ya dakika 2 katika siku ya kazi ya saa 8 hujirudia mara 240, na mhudumu yupo kwa zote. Muziki wenye kishindo, kicheko, au sentensi yenye madoido mengi humchosha ndani ya wiki moja, na siku ya pili ya wiki ya pili spika itakuwa imezimwa. Sauti tulivu, ukimya wa sekunde 3 mwishoni mwa kila kipande, na spika inayoelekeza sauti chini mahali mgeni anaposimama, vyote hivyo ni sehemu ya muswada kwa sababu vinaamua kama maneno yatasikika.

Ukimya huo wa mwisho wa kipande una kazi nyingine. Video inaporudi mwanzo, mashine nyingi hukatika kidogo: picha nyeusi kwa kitambo, au sauti inayodunda. Ukiuweka mshono ndani ya ukimya, juu ya picha isiyobadilika ya majivu ya kijivu, na picha ya mwisho ikiwa ile ile ya kwanza, mgeni hautambui. Kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu, programu huru iitwayo mpv hurudia faili bila kukoma kwa amri moja:

```
mpv --fs --loop-file=inf laetoli.mp4
```

Amri hiyo iwekwe ijiendeshe kompyuta inapowaka. Umeme ukikatika na kurudi, ukumbi ambao video yake husubiri mtu aje kubonyeza hubaki na kioo cheusi au picha ya faili za kompyuta hadi mchana, na mgeni huamini kimeharibika.

Si kila jambo linakubali kukatwa hivi. Kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, yaliyofunguliwa mwaka 2004, manusura wanasimulia kwa video waliyoyapitia. Ushuhuda wa mtu aliyepoteza familia hauwezi kugawanywa katika sekunde 30, na kumkuta mzungumzaji katikati ya machozi yake bila kujua jina lake ni kumkosea heshima. Simulizi za aina hiyo zinahitaji chumba chenye viti na saa za kuanza zilizoandikwa mlangoni, ili anayeingia awe ameamua kukaa. Hali kadhalika hoja ndefu ya kisayansi, kwa mfano ubishi kuhusu kama zamadamu wa Laetoli walikuwa wa jamii moja au zaidi, haifai runinga ya ukutani. Mwandishi anayejua mipaka hii hukataa kazi mapema, au huomba chumba.

Kwa nyayo, hata hivyo, vipande vinavyojitegemea vina faida moja zaidi, na Laetoli yenyewe imeionyesha. Nyayo za 1978 hutajwa kuwa za zamadamu watatu, mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Kisha wataalamu walipokuwa wakikagua eneo kwa ajili ya mpango wa kujenga makumbusho pale pale, nyayo nyingine zilijitokeza, mita kama 150 kutoka zile za kwanza. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walizitangaza Desemba 2016: zamadamu wawili zaidi, mmoja akikadiriwa kuwa na urefu wa kama sentimita 165, mrefu kuliko wale wa mwanzo. Filamu ya dakika 8 iliyosema habari za watatu tu ingelazimika kurekodiwa upya na msimulizi yule yule, kama bado anapatikana. Kwenye video ya vipande, mwandishi huandika maneno kama 40 mapya:

"Zamadamu wa Laetoli hawakuwa watatu tu. Wataalamu wa Tanzania na Italia wamepata nyayo za wengine wawili, mita 150 tu kutoka zile za kwanza. Mmoja alikuwa mrefu kuliko wote. Linganisha urefu wa unyayo wake na huu ulio mbele yako."

Kipande cha tano kinaingizwa popote kati ya vile vinne. Mzunguko unakua kutoka dakika 2 hadi dakika 2 na nusu, na mgeni wa dakika moja bado anapata kipande kizima.